Kitanzi Ndani ya Kitanzi

Mimi nimezaliwa Kikorongo, pale njia panda ambapo malori yanasimama, na nimelelewa na kelele za madereva. Kwa hiyo mtu akiniambia niongee polepole huwa namwangalia tu. Naitwa Shadiah. Nafundisha kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi Kasese mjini. Lakini leo sijisemi mimi, nataka kumsema Laurentine. Nimechoka kusikia watu wakimsema vibaya sokoni Bwera hali hawajui kilichotokea.

Laurentine ni Mkongomani wa Butembo. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mama mzima mwenye duka na watu wa kumfanyia kazi. Vita ya upande wa Beni ilipochacha, aliingia Bwera, huku upande wetu wa mpaka, na watoto watatu na rozari shingoni. Bwera akaanza upya, akauza vitenge mezani, kisha akaamua kusoma. Watu wakamcheka. Mama wa miaka thelathini na kitu, Kiingereza hana, eti anaenda kukaa darasani na vijana waliomaliza sekondari juzi. Alikaa. Alisoma vitabu vya Kiingereza na kamusi ya Kifaransa pembeni, na asichokielewa alikuja kuniuliza mimi kwa Kiswahili.

Aliyemsaidia kuliko wote ni Biira, binti wa Maliba, mwanafunzi mwenzake. Walipanga chumba kimoja hapa Kasese siku za masomo. Biira alimfundisha Kiingereza, Laurentine akapika. Walikuwa wanaitana dada, na mimi niliwaona hivyo.

Sasa huyo mwingine. Mkuu wa idara yetu alikuwa Mugenyi. Zamani alifundisha mawasiliano jeshini, na mpaka leo anafundisha kama yuko kwenye gwaride. Somo la kupima kasi ya programu lilikuwa lake. Kupima kasi maana yake ni hivi: ukiipa programu kazi ya ukubwa fulani, tuuite n, itapiga hatua ngapi? Na kazi ikikua, hatua zinakua namna gani? Ni somo zuri sana hilo. Mugenyi alilifanya la vidole. Alisimama mbele, akaandika programu ubaoni, akanyoosha kidole kimoja kwa kila kitanzi, yaani kila sehemu inayojirudia.

“Kitanzi moja?”

“N, afande,” darasa zima linaitikia.

“Kitanzi ndani ya kitanzi?”

“N mraba, afande.”

“Keti.”

Basi. Hilo ndilo lilikuwa somo. Hakuna aliyeuliza ndani ya vitanzi kuna nini. Nilimwambia mara nyingi kwamba vidole havihesabu hatua. Akanijibu kwamba mimi, madamu wa Kikorongo, nifundishe masomo yangu. Mungu anisamehe, yule mtu alikuwa ananipandisha damu kila nikimwona na ile kalamu yake mfukoni.

Mtihani wa mwisho ukaja. Swali la saba lilikuwa na programu fupi ya vitanzi viwili. Cha nje kinapeleka i kutoka moja hadi n. Cha ndani kinaanzia kwenye i na kuruka kwa i mpaka kifike n. Maana yake i ikiwa moja, cha ndani kinapita kila namba. I ikiwa mbili, kinapita nusu tu. Ikiwa tatu, theluthi, na hivyo hivyo mpaka i kubwa kubwa, ambazo kitanzi cha ndani kinagusa mara moja tu na kutoka. Swali likauliza: andika makadirio yanayokaribia zaidi ya ukuaji wa hatua.

Darasa zima likaandika n mraba, wakapata alama zote. Laurentine akaandika n, akapata sifuri. Na kwa sifuri hiyo akaanguka somo lote, na bila somo hilo hakuna cheti.

Mjue cheti hicho kilikuwa na maana gani kwake. Ofisi ya wenye malori Bwera ilikuwa inatafuta mtu wa kuendesha kompyuta yao, mtu anayejua Kifaransa na Kiswahili cha ng'ambo, kwa sababu nusu ya mizigo yao inavuka kwenda Kongo. Walimtaka yeye. Walimwambia alete cheti kabla ya mwezi kuisha, bila cheti watachukua mwingine. Meza ya vitenge ilikuwa imeshamfia. Watoto watatu walikuwa wamerudishwa nyumbani kutoka shule. Hakuwa na kingine cha kushika.

Akaja ofisini kwangu na karatasi yake, hakulia. Alikaa kwenye kiti, akasema, “Mwalimu, banasema nimekosa yote. Mi nilihesabu. Hawa bengine hawakuhesabu.”

Nikaichukua karatasi. Pembeni mwa jibu alikuwa amechora vijiti kwa kalamu, safu juu ya safu. Alichukua n kuwa nane. Safu ya kwanza vijiti nane, ya pili vinne, ya tatu viwili, ya nne viwili, halafu kimoja, kimoja, kimoja, kimoja. Jumla ishirini. Chini yake aliandika kwa Kiingereza chake cha kubandika kwamba ishirini ni nane mara mbili na nusu, kwa hiyo hatua zinakwenda na n.

N mraba ya nane ni sitini na nne. Yeye amehesabu ishirini, hatua kwa hatua, kwa mkono wake, na Mugenyi amepitisha kalamu nyekundu juu ya vijiti vile bila hata kuvitazama. Sikumaliza kusoma. Nilisimama nikaenda.

Mugenyi alikuwa anakunywa chai ofisini kwake. Nikaiweka karatasi juu ya meza yake, karibu niiweke ndani ya kikombe.

“Huyu mama amehesabu,” nikamwambia. “Wewe umehesabu?”

“Madamu, hii mambo imeisha. Matokeo imepita.”

“Haijapita. Ana haki ya rufaa, na ameikata leo. Mimi ndiye ninayemwandikia.”

“Kitanzi ndani ya kitanzi,” akasema, na akaninyooshea vidole viwili. Mimi, mwalimu mwenzake. Vidole viwili usoni.

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, baba yangu angali hai. Mwisho nikasema twende maabara, tuwashe mashine, tuweke kihesabio ndani ya kitanzi cha ndani, kila kikizunguka kiongeze moja, tuone. Kama ni sitini na nne mimi naacha kazi. Kwa sheria ya chuo rufaa inasikilizwa na walimu wawili na mwanafunzi akiwepo, na walimu wawili tulikuwepo. Akashusha kikombe, akaja, nami nikampitia Laurentine ofisini kwangu.

Laurentine akakaa katikati yetu. Mimi nikaandika programu ileile ya kwenye mtihani, neno kwa neno, nikaongeza ule mstari mmoja wa kuhesabu. Mugenyi akaikagua. Alitafuta kosa kwa nguvu zote na hakuliona.

N ikawa nane. Mashine ikaandika ishirini.

Laurentine akapumua. Mimi nikamgeukia Mugenyi, na nitasema ukweli, nilikuwa na raha mbaya moyoni. “Sitini na nne yako iko wapi?”

“Hiyo ni namba ndogo,” akasema. “Namba ndogo inadanganya.”

“Sawa. Tuongeze maradufu. Kama ni mraba, n ikiongezeka mara mbili hatua zinaongezeka mara nne. Ishirini itakuwa themanini. Unakubali?”

“Nakubali.”

Nikaweka kumi na sita. Mashine ikaandika hamsini.

Mugenyi akakuna kidevu. Nilimwona akilegea. Akasema polepole kwamba labda, kwa hali hii, mama huyu anaweza kupewa baadhi ya alama. Baadhi zingetosha. Hata nusu ingempitisha. Ningenyamaza pale, Laurentine angetoka na cheti chake na Biira na chake, na hadithi ingeishia hapo.

Lakini mimi sikutaka baadhi. Nilitaka yule mtu akunje vidole vyake mbele yangu. Nikasema, “Hapana, tuendelee,” nikaweka thelathini na mbili. Mia moja kumi na tisa. Nikaweka sitini na nne. Mia mbili themanini. N mraba ya sitini na nne ni elfu nne na tisini na sita, nikampigia hesabu hiyo kwa sauti. Kisha nikaweka elfu moja, nimmalize kabisa. Kwa hesabu yake ya vidole zingekuwa hatua milioni.

Mashine ikaandika elfu saba na sitini na tisa.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimseme. Ndipo nikasikia Laurentine, pale katikati, anagawanya kwa sauti ndogo, kwa Kifaransa. Ishirini kwa nane, mbili na nusu. Hamsini kwa kumi na sita, tatu na kidogo. Mia moja kumi na tisa kwa thelathini na mbili, karibu tatu na robo tatu. Halafu nne na zaidi. Halafu saba.

“Mwalimu,” akasema, “inapanda.”

Inapanda, ndiyo. Jibu lake lingekuwa kweli kama lile mbili na nusu lingebaki palepale, au hata likipanda lisivuke dari fulani. Halibaki. Kila n ikiongezeka maradufu linaongezeka kidogo, tena kwa kiasi karibu kilekile, na halitaacha kamwe. Ukuaji wa namna hiyo una jina, ni n mara logi ya n, na logi hukua kwa kiasi kilekile kila n ikiongezeka maradufu. Unazidi n, na uko mbali sana chini ya n mraba. Laurentine alihesabu mara moja tu, kwenye nane, akadhani ameijua njia yote. Hesabu moja inakupa namba. Haikuonyeshi namba hiyo inaelekea wapi. Kwa hilo unahitaji angalau hesabu kadhaa, kila moja kwa n iliyo maradufu ya iliyotangulia, na mtihani haukumpa muda huo.

Mugenyi naye aliona. Si mjinga, ndiyo maana ananiudhi, angekuwa mjinga ningemwonea huruma. Akaegemea kiti. “Kwa hiyo amekosa. Sifuri yake ni halali. Asante kwa kazi, madamu.”

“Na mraba yako?”

“Mraba ni dari. Hizi hatua zote ziko chini ya dari yangu. Mimi nimedanganya nani?”

Nikachukua karatasi ya mtihani nikamsomea swali alilotunga yeye mwenyewe. Yanayokaribia zaidi. Kwa dari ya namna hiyo, nikamwambia, hata n kwa kipeo cha kumi ni sahihi, ungempa alama pia? Milioni inakaribiaje elfu saba? Darasa zima limekosa pamoja na huyu, na wao hawakuhesabu hata kijiti kimoja. Kama yeye ni sifuri, wote ni sifuri. Kama wao wana alama, na yeye ana alama. Chagua.

Nilikuwa napiga kelele sasa. Watu walisimama kwenye veranda.

Mugenyi hakupiga kelele. Alitoa kitabu cha sheria za mitihani, akafungua, akanionyesha. Mwongozo wa kusahihishia ukionekana una kosa, walimu hawagawi alama upya kwa kubahatisha. Swali zima linafutwa kwa wote, na kila mtu anapimwa kwa maswali yaliyobaki. Akatoa kikokotoo, akaipiga hesabu ya Laurentine bila swali la saba. Kwa vile pale alikuwa na sifuri, hakuwa na cha kupoteza. Akapita.

Sikuwahi kudhani ningemshukuru mtu yule, na karibu nimshukuru. Kisha akageuza orodha ya darasa kwetu. “Sasa hawa wengine wanapoteza alama za hili swali. Wengi wako salama. Mmoja anaanguka.” Akaweka ncha ya kalamu juu ya jina. Biira.

Biira alikuwa amepita kwa shida, na swali la saba lilikuwa limembeba.

“Rufaa ni ya mwanafunzi, si ya madamu,” Mugenyi akasema. “Laurentine, nisikilize vizuri. Ukitaka, uiondoe rufaa sasa, matokeo inabaki vile iko. Usipoondoa, nafuta swali. Sema.”

Mnajua kwamba alifanya makusudi? Angeweza kutuambia tusubiri, akaenda kwa wakubwa, wakatafuta njia ya kuwaokoa wote wawili. Alimbebesha mama yule kosa la vidole vyake mwenyewe, kisha akakaa kumtazama. Sitamsamehe hilo.

Laurentine aliangalia jina lile. Nilikuwa na hakika atasema anaondoa. Nilikuwa nimeshajiandaa kumbembeleza asiondoe, na kumheshimu akiondoa.

“Futa,” akasema.

Nitasema nilichohisi, kwa sababu sipendi watu wanaojipaka uzuri. Nilimkasirikia. Dakika nzima nilimkasirikia kuliko Mugenyi. Nje, kwenye ngazi, nikamwuliza atamwambia nini Biira leo jioni, watakapokaa chumba kimoja na sahani moja.

“Nitamwambia ukweli,” akasema. “Mwalimu, Biira ana mama Maliba, ana shamba ya kahawa, ana mwaka ingine. Mi niko na batoto tatu na sina mwaka ingine. Kama unaona nimefanya mubaya, sema.”

Niliyeikataa nusu ya alama ni mimi, na yeye hakunitupia hilo usoni, ingawa alikuwa amekaa palepale akasikia.

Alimwambia Biira jioni ileile, hilo nalijua. Siku ya tatu alikuwa amehamisha vitu vyake, akarudi Bwera na cheti. Kazi ya ofisi ya malori akaipata, watoto wakarudi shule. Na sokoni wakaanza kusema kwamba Mkongomani amemtupa dada yake mtoni ili avuke yeye. Wanaosema hivyo hawajui n ni nini. Hawajawahi kuulizwa swali lile alilouliza Mugenyi, wakiwa na watoto watatu nyumbani. Ndiyo maana naandika.

Biira aliposikia hakuja kwangu. Alisubiri matokeo mapya yabandikwe, akayasoma yeye mwenyewe, kisha akanikuta nikitoka darasani. Nilijitayarisha kwa matusi. Ningeyakubali yote.

Hakutukana. Alikuwa ameshika karatasi yake ya mtihani, swali la saba likiwa na alama ya vema ya Mugenyi, kubwa, ya wino mwekundu, imekatwa juu yake kwa mstari.

“Madamu,” akasema, “hapa nilikosa nini?”

“Uliandika n mraba. Si jibu lake. Njoo maabara, nitakuonyesha hatua zenyewe.”

“Lakini ndivyo tulivyofundishwa. Kila siku alituuliza, kila siku tuliitika, na siku zote alisema vizuri, keti.”

Nikamshika mkono. Tukapita veranda yote mpaka ofisi ya Mugenyi, nikafungua mlango bila kubisha. Alikuwa na mwaka wa kwanza, wanafunzi wapya saba au nane wamesimama mbele ya meza yake, wamenyooka, na programu ya vitanzi viwili kwenye ubao mdogo ukutani. Aliniona. Alimwona Biira pia, na ile karatasi mkononi mwake. Akawageukia wale vijana, akanyoosha vidole viwili.

“N mraba, afande,” wakaitika.